Makala moja ndefu, posti za wiki nzima: kukata video, kugawa sehemu, au kuandika upya?

MkulimaMbozi
Wakuu, nisaidieni kulinganisha. Nina makala ya maneno kama 2,400 kuhusu kuhifadhi mahindi, na video ya dakika 50 ya mada hiyohiyo niliyoitoa kwa kikundi cha wakulima. Inaanza na muda wa kuvuna, halafu kuanika, kupukuchua, mifuko, dawa, fukusi na dumuzi, inamalizia na sumukuvu. Nataka vitoke vitu vidogovidogo vya wiki nzima, Facebook na kwenye makundi ya WhatsApp. Naona njia tatu: kukata klipu za video, kugawa makala sehemu 1 hadi 7, au kuandika upya posti fupi. Ipi ina faida?

Kipanga_76
Gawa, mkuu. 2,400 kwa saba ni kama maneno 340 kwa siku, mtu anayasoma akisubiri daladala. Weka namba, 1/7, 2/7, na uposti saa ileile kila siku, saa moja jioni watu wakiwa wametoka shamba. Akikuta 3/7 ataitafuta 2/7 mwenyewe. Kazi ya kuandika upya ya nini wakati makala ipo?

BiZuhura
Saa moja jioni nakubaliana na Kipanga, na kushika saa ileile kunasaidia kweli. Namba ndizo zitakazokuangusha. Kwenye WhatsApp posti haisafiri na wenzake. Mtu anaifowadi moja tu, inafika kundi la Tunduma au la Sumbawanga ikiwa peke yake, na huko hakuna wa kutafuta 2/7.

Tazama makala yako yenyewe. Sehemu ya kuanika inasema mahindi yafike unyevu wa asilimia 13.5 au chini yake. Sehemu ya mifuko isiyopitisha hewa inasema jaza, kamua hewa, sokota mdomo, funga kwa kamba. Ukigawa kwa maneno, la kwanza linatoka Jumanne na la pili Alhamisi. Aliyepata ya Alhamisi peke yake atafunga mahindi yenye unyevu, na mfuko ule haukaushi kitu. Unaua wadudu kwa kuwanyima hewa, lakini maji yaliyomo ndani ya punje yanabaki humo humo. Siku atakayofungua atakutana na ukungu.

Kwa hiyo usigawe kwa urefu, gawa kwa swali. Posti moja, swali moja la mkulima, jibu lote, na sharti lake ndani yake. Kama sharti lilikuwa aya tatu nyuma kwenye makala, lirudie. Kwenye makala kurudia kunachosha, kwenye posti ndiko kunakomwokoa msomaji.

Fundi_Mitambo
Dakika 50 ni nzito sana kwa WhatsApp. Ipunguze kwa HandBrake, chagua 480p, itashuka vizuri tu.

MkulimaMbozi
Asante fundi, ila sitaki kuituma nzima. Nataka vipande vyake.

Fundi_Mitambo
Sawa, nilielewa vingine. Basi vipande ni hivi, ukiwa na kompyuta:

```
ffmpeg -ss 00:18:05 -to 00:18:55 -i mada.mp4 -c:v libx264 -c:a aac kipande.mp4
```

Wengine watakuambia utumie `-c copy` kwa sababu ni haraka. Ni haraka kweli, lakini haikati pale ulipotaka, inakata kwenye fremu kuu iliyo karibu, na mara nyingi mwanzo wa klipu picha inaganda huku sauti inaendelea. Kabla ya kukata, sikiliza sentensi ya kwanza. Ikianza na "kama nilivyosema" au "hii hapa", kipande hicho hakisimami chenyewe.

Mwl_Baraka
Mimi mahubiri yangu nayarekodi kwa sauti tu, natoa vipande vya dakika mbili na kuvituma asubuhi. Wazee hawasomi maandishi marefu kwenye simu, lakini sauti wanaisikiliza na kuirudia, na mjukuu haitwi kuja kusoma. Na sauti inakula bando kidogo kuliko video. Mahindi sijui sana, ila wasikilizaji nadhani ni walewale.

BiZuhura
Mwalimu, hilo ni la kweli, na kwa mada hii baadhi ya vitu sauti inatosha. Vingine vinataka macho. Kusokota mdomo wa mfuko ukausimulia kwa sauti ni taabu, klipu ya sekunde 40 inamaliza kazi. Hapo ndipo ningetumia video yako, mkuu, na kwa kuonyesha tofauti ya tundu la fukusi na ule unga mwingi anaouacha dumuzi. Kwingine kote ningeandika upya.

Nimeipitia makala kwa kujiuliza kila aya inajibu swali gani la mtu mwenye gunia mkononi. Nimepata maswali matano yanayosimama: nitajuaje yamekauka, nafungaje mfuko, huyu ni fukusi au dumuzi, nitie dawa au mfuko usiopitisha hewa, na mahindi yenye ukungu niyafanyeje. Matano, si saba. Usiyavute yafike saba. Siku mbili zilizobaki jibu maswali yatakayoulizwa chini ya posti zenyewe, maana yatakuwepo.

Na usifuate mpangilio wa makala. Anza na kukauka, kwa sababu ndilo linaloamua mengine. Mfano wa Jumatatu:

"Mahindi yako yamekauka? Chukua chupa ya kioo kavu yenye kifuniko. Jaza mahindi mpaka theluthi, ongeza vijiko vitatu vya chumvi kavu, funga, tikisa dakika moja. Acha dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye kioo, bado mabichi, rudisha juani juu ya turubai. Isipoganda, unyevu uko chini ya asilimia 15, lakini mfuko usiopitisha hewa unataka 13.5. Anika tena kabla ya kufunga."

Sentensi mbili za mwisho kwenye makala yako ziko mbali na chupa, kwenye aya ya vipimo vya mashine. Klipu ya chupa ingetoka bila hizo, na mtu angefunga mahindi ya asilimia 14 na nusu akidhani amefaulu mtihani.

Kipanga_76
Hapo kwenye chupa umenipata. Namba naziondoa. Ila bado naona mtu atakayepata zote saba kwa mpangilio atajifunza zaidi kuliko wa maswali matano yaliyotawanyika.

BiZuhura
Atakayepata zote, ndiyo. Huyo mpelekee makala nzima.

MkulimaMbozi
Sawa, naenda na kuandika upya, klipu mbili tu. Nina wasiwasi na ya ukungu. Sumukuvu haionekani kwa macho, na kuchambua punje mbovu hakuhakikishi zilizobaki ni salama. Mwaka 2004 Ukambani, Kenya, walikufa watu 125. Nikiandika fupi naogopa mtu ataelewa kwamba akichambua amemaliza.

BiZuhura
Hiyo usiifupishe, mkuu. Posti nyingine ziwe na maneno 60, hiyo iwe na 200, na iwe maandishi, isiwe klipu, ili isikatwe tena huko iendako.

Mwl_Baraka
Hapo sikubaliani. Hiyo ndiyo wazee wanaihitaji zaidi, na maneno 200 hawatayasoma. Isome mwenyewe kwa sauti, yote, bila kukata, na uanze kwa kusema isikilizwe mpaka mwisho.

MkulimaMbozi
Nitaiweka kwa maandishi na kwa sauti siku ileile, nione ipi inafowadiwa. Na linki ya makala nzima, niiweke kila siku au mwisho wa wiki?

Kipanga_76
Kila siku.

Fundi_Mitambo
Mwisho wa wiki. Kwenye makundi mengi niliyomo ma-admini wanafuta posti zenye linki.