Picha zilizorikavawa zina kijivu chini: fundi ameshindwa au haiwezekani kweli?

Rozi: Nilifuta picha kwenye kadi ya memori ya kamera bila kujua, nikaendelea kupiga zingine, ndo baadaye nikarikava. Nyingi ziko safi ila kadhaa juu zinaonekana vizuri, chini kijivu tupu. Fundi kasema hizo nusu ndo basi tena. Ni kweli au kachoka tu kazi?

Babu Heks: Kasema kweli, kama sehemu hiyo imeshaandikwa juu yake data nyingine. Chukua picha ya MB 4 kwenye kadi yenye klasta, yaani vyumba vya kuhifadhia data, za KB 32, hiyo ni klasta 128. Ulipoifuta zote zikahesabika wazi, ukapiga picha mpya ikadondokea kuanzia klasta ya 61. Zile 60 za mwanzo bado zako, kwa hiyo nusu ya juu inafunguka, na kuanzia hapo programu inasoma data ya faili lingine kabisa. Ikishindwa kuelewa inaacha kuchora, na kwenye JPEG mahali pasipo na thamani yoyote panatoka kijivu cha katikati, yaani hicho kijivu hakikupigwa na kamera, ni pengo.

Kassimu: Mi napinga. Zipo programu za kutengeneza JPEG mbovu, nimeshafufua picha zilizokataa kufunguka kabisa, unachukua heda, ile sehemu ya mwanzo ya faili, ya picha nzima ya kamera ileile unaibandika, inafunguka. Mafundi wengi hawajui hii.

Babu Heks: Hiyo ni kweli Kassimu ila ni ugonjwa mwingine. Kwako heda ndo iliharibika na data ya picha ilikuwepo, na heda ya kamera moja kwa seting zilezile zinafanana ndo maana ya kuazima inafaa. Kwa Rozi heda ni nzima, kilichokosekana ni picha yenyewe, na hiyo huwezi kuazima popote.

Mama Tatu: Zangu mimi za simu zilitumwa kwenye meseji zikaja na ukungu, nazo zinatengenezeka?

Kassimu: Hizo zimebanwa wakati wa kutumwa mama, hazijaandikwa juu, omba aliyekutumia akutumie kama dokumenti.

Rozi: Sasa ninayo moja juu safi, katikati vurugu, chini inaendelea ila imesogea pembeni na rangi ni za pinki. Nayo ndo basi?

Babu Heks: Hiyo ina nafuu. Ndani ya JPEG misimbo ina urefu tofauti na imefuatana bila nafasi, ukikosea biti moja huji kujua msimbo unaofuata unaanzia wapi. Tena kila kijiraba hakihifadhi mwanga wake kamili, kinahifadhi tofauti yake na cha kabla, kwa hiyo kosa la katikati linaburuta rangi zote za chini. Hapo data ya chini ipo, kwa mkono unaweza kuisogeza na kurudisha rangi karibu na zilivyokuwa, ila ule mkanda wa katikati haurudi.

Kuhakikisha, fungua faili kwenye heks edita uende kwenye mipaka ya klasta. Kwa mfano wangu klasta ya 61 inaanzia `1E0000`. Ukikuta hapo `FF D8 FF E1` ujue ni mwanzo wa picha nyingine. Ukikuta `ftyp` mara nyingi ni video.

Kassimu: Subiri, hapo si lazima iwe imeandikwa juu! Inawezekana faili lilikuwa limekatika vipande na kipande cha pili kipo mbali kwenye kadi, programu ikaunga tu kinachofuata.

Babu Heks: Hapo umenipata, na ndo maana sikatai kabla ya kuangalia kadi nzima. Ukikipata kipande kilichobaki picha inarudi yote. Rozi, usiandike chochote kwenye hiyo kadi, toa imeji yake nzima kwanza, yaani nakala ya kadi yote, ufanyie kazi hiyo imeji.

Kassimu: Na kuna lingine, memori za flashi haziandiki juu palepale, kontrola inaandika kurasa mpya sehemu nyingine, za zamani zinakaa mpaka zifutwe. Ukisoma chipu yenyewe unaweza kuzikuta.

Babu Heks: Unaweza, sio utazikuta. Kontrola inafuta kwa wakati wake, na kadi nyingi zimechanganya data kiasi kwamba kuipanga upya ni kazi kubwa sana. Simwahidi mtu hilo.

Kassimu: Lakini kumwambia "haiwezekani" bila kujaribu nayo si sawa.

Babu Heks: Tutabishana hapo. Kwa sasa Rozi, kwa zile zenye kijivu jaribu hii:

```
exiftool -b -ThumbnailImage picha.jpg > ndogo.jpg
```

Kamera nyingi zinaweka kijipicha karibu na mwanzo wa faili, na mwanzo wako ni mzima. Mara nyingi ni kidogo, 160 kwa 120, lakini kinaonyesha fremu yote, hata upande uliopotea.

Rozi: Kimetoka! Kadogo kweli ila huku chini watu wote wanaonekana. Imeji ya kadi naitoa leo, hizo nyingine ntaangalia kama ni vipande.