Mwalimu wa tuisheni kajibu swali ambalo hakuulizwa, mtoto kapata 1 kati ya 3

DadaWaManyatta

Hamjambo wote. Niko Manyatta hapa Kisumu, na nimekasirika tangu jana jioni.

Mdogo wangu yuko Kidato cha Tatu. Ninamlipia mwalimu wa tuisheni wa kwenye simu, shilingi 300 kila wiki, kutoka kibanda changu cha kuuza nguo. Jumatano usiku kijana akapiga picha mchoro wake wa Fizikia akautuma kwa watsapu. Mchoro peke yake, bila neno lolote. Kipande cha mbao juu ya ubao ulioinama, ndani yake ameandika 5 kg, chini kwenye pembe 30°. Mishale ilikuwa minne: W ya uzito kushuka wima, R ya msukumo wa ubao kupanda wima, F ya msuguano kupanda na ubao, na mg sin θ kushuka na ubao.

Hata dakika kumi hazikwisha, mwalimu akarudisha jibu:

```
a = g sin θ = 10 × 0.5 = 5 m/s²
```

Basi. Hakuuliza "unataka nini?" wala hakusema lolote kuhusu mishale. Mtoto akanakili vile vile chini ya mchoro.

Jana daftari limerudi. Swali la shule lilikuwa: chora na utaje kani zote kwenye kipande KILICHOTULIA juu ya ubao. Kumbe hakuna hesabu hata moja iliyotakiwa! Mwalimu wa shule amezungushia ile 5 kwa kalamu nyekundu, akaandika "kimetulia, mchapuko unatoka wapi?" Alama 1 kati ya 3.

Nauliza: mtu ukitumiwa mchoro mtupu, unajuaje kama mtoto anataka umpigie hesabu, umkagulie majina ya mishale, au umfafanulie? Na kama hujui, unajibuje? Mimi sikusoma Fizikia, lakini hata mteja akinyoosha kidole bila kusema, namuuliza ni ile nyekundu au ile ya bluu.

Omosh_Nyalenda

Pole dada, lakini kosa la kwanza ni la kijana wako. Swali lilikuwa na maneno, mbona akatuma mchoro tu? Mwalimu ameona 5 kg na nyuzi 30, akadhani ni hesabu. Ningekuwa mimi ningefanya vivyo hivyo.

Halafu hiyo R iko sawa kabisa, msimlaumu mtoto. R ni sawa na mg siku zote, moja inashuka na nyingine inapanda. Hiyo ni kanuni ya tatu ya Newton.

Fundi_Nyamasaria

Mimi ni wa mjengo. Tunavuta matofali kwa kamba kwenye ubao hadi juu ya lori, na ule msuguano unakuvuta kurudi chini, mikono inachubuka. Kwa hiyo F ya kijana imegeuzwa, ilifaa ielekee chini. Ubao wenyewe ni wa nini, saiprasi au mkalitusi? Saiprasi iliyopigwa randa inateleza.

MwalimuMzee_Kakamega

Dada, nimefundisha Fizikia miaka mingi na hasira yako ina haki. Tuache mtoto kidogo, tutazame jibu la huyo mwalimu. Mchoro una mshale F. Yeye amepiga hesabu kana kwamba F haipo, maana g sin θ peke yake ni ya ubao usio na msuguano hata kidogo. Kwa hiyo hata kama mtoto angetaka hesabu, hiyo 5 haitoki kwenye mchoro aliotumiwa.

Na hakuwa na njia ya kupiga hesabu sahihi. Kipande kikiwa kimetulia, F ni 25 N, kwa sababu uzito ni 50 N na nusu yake ndiyo inayokivuta kishuke na ubao. Kikiwa kinateleza, lazima upewe μ, yaani kipimo cha ukali wa msuguano. Ikiwa 0.4, msuguano ni kama 17 N, zinabaki kama 8 N za kukisukuma, na mchapuko ni kama 1.5 m/s². Mchoro ni ule ule, majibu mawili tofauti. Aliyeona kwamba hakuna μ na hakuna neno "kimetulia" alipaswa kuuliza hapo hapo.

Lakini mishale angeweza kuikagua bila kuuliza lolote, kwa sababu makosa yake hayategemei swali. Kwanza, mg sin θ si kani ya nne. Ni sehemu ya W, na W imeshachorwa. Ukiziweka zote umehesabu uzito mara mbili. Akitaka kuionyesha, aichore kwa mstari wa nukta.

Pili ni R. Futa ule mshale wa mg sin θ, uone kinachobaki: W inashuka wima, R inapanda wima, zikiwa sawa zinamalizana. Inabaki F peke yake, haina wa kuipinga. Maana yake kipande cha mbao kitaanza kupanda mlima chenyewe! R lazima isimame pembemraba na ubao, na hapo ni kama 43 N, si 50.

Ndugu Omosh, R ni sawa na mg pale kitu kinapokaa mahali tambarare bila mtu mwingine kukisukuma wala kukivuta. Na hiyo si kanuni ya tatu. Mwenzake wa uzito ni kipande kuivuta Dunia, na mshale huo hauchorwi kwenye kipande.

Fundi, kwa kazi yako umesema kweli. Tofali linapanda, msuguano unashuka. Hiki cha kijana kimetulia na kinataka kushuka, kwa hiyo msuguano unapanda.

Omosh_Nyalenda

Sawa mwalimu, kwa R nimekuelewa. Lakini kumkagulia mtoto mishale ambayo hakuuliza bado sikubali. Pengine alitaka ajaribu mwenyewe kwanza.

MwalimuMzee_Kakamega

Hapo sibishani sana, wengine hufundisha hivyo. Mimi ningemwandikia mstari mmoja: "Kipande kinatembea au kimetulia, na R umeichora kutoka wapi?" Swali hilo la pili lina uzito. Ukichukua vyote ambavyo ubao unakifanyia kipande, msukumo na msuguano pamoja, ukachora mshale mmoja tu, unatoka wima kabisa, 50 N. Kama kijana aliwaza hivyo, kosa lake ni kuongeza F kando, na unamrekebisha tofauti na yule ambaye hajui R inasimama vipi. Mchoro hauwezi kukuambia ni yupi.

DadaWaManyatta

Asante mwalimu. Nimemwita, nimemwonyesha kwenye simu. Nikamuuliza R aliichora wima kwa nini. Amesema, "Niliona uzito unashuka wima, nikajua wa kuuzuia lazima apande wima." Nikamuuliza, na F inafanya nini? Amenyamaza, kisha akachukua rula.

Amechora upya, mishale mitatu. Ya R ameipima kwa ile kona ya seti ya jometri.

Kuhusu maneno ya swali, Omosh, ni kweli angeyatuma. Alisema mwalimu huyo hajawahi kumuuliza, hutuma tu majibu, kwa hiyo alizoea. Nimemwandikia huyo mwalimu tangu saa tatu asubuhi kwamba anieleze ile 5 ilitoka wapi wakati F imechorwa pale. Tiki mbili za bluu, hajajibu. Mia tatu ya wiki hii situmi.