Naomba ushauri: kuingia kwa akaunti moja na uthibitisho wa hatua mbili, wengine wana vitochi

Wakuu, salaam. Ofisi yetu ndogo ya kutoa mizigo bandarini Dar inatumia Google Workspace. Tunataka akaunti hiyo moja ifungue pia mfumo wa uhasibu, na kila mtu athibitishe kwa hatua mbili. Akaunti moja ikiibwa, mwizi anapata kila kitu, kwa hiyo hapa sitaki kulegeza.

Wenye simujanja, Android au iPhone, nimewawekea Google Authenticator. Namba zinatoka hata bila bando, ila saa ya simu iwe sahihi: ya kijana mmoja ilikuwa nyuma dakika kadhaa, kila namba ikakataliwa mpaka tulipoiweka ijirekebishe yenyewe.

Shida ni madereva wenye vitochi, wanaotumia laptopu ya pamoja ghalani. Meseji siziamini, kwani laini huweza kusajiliwa upya na tapeli. Nafikiria funguo za USB, kila dereva na wake, na wa akiba kwenye sefu. Karatasi ya namba 10 za dharura huisha haraka, kila namba ni ya mara moja.

Waliotumia funguo hizo: zinahimili vumbi la ghalani? Na dereva akipoteza wake usiku, nani anamfungulia?