Kikundi cha Ukoo: posti ya Salimu ya 2014

Baraka: Jamani mmeona? Kuna mtu kaibua posti ya Salimu ya mwaka 2014. Kapiga skrinishoti, kaibandika chini ya tangazo lile la Salimu kuwa kocha mpya wa timu ya watoto.

Shangazi Mwanaidi: Salimu mwanangu, badilisha nywila sasa hivi. Hao ni wadukuzi. Mimi walinitumia kiungo hivyohivyo nikaambiwa nimeshinda zawadi.

Baraka: Shangazi, hajadukuliwa. Aliyaandika mwenyewe.

Shangazi Mwanaidi: Basi abadilishe tu.

Mama Mdogo Asha: Aliandika nini? Wengine hatujaona.

Baraka: Alimtagi mwenzake wa darasani mwenye kigugumizi. "Jumatatu alianza kujitambulisha. Leo Alhamisi, bado tunasubiri jina la pili."

Mjomba Rashidi: 😂 Samahani. Lakini huo si utani tu jamani?

Kassimu: Mjomba.

Mjomba Rashidi: Nimeshasema samahani. Na yule aliyeileta nimeshamjibu palepale. Nimemwambia asiye na kazi ndiye anayefukua makaburi, na kijana wetu amelelewa vizuri.

Zuhura: Shikamoo Mjomba. Naomba komenti hiyo uifute, tena kabla hujafanya jingine lolote. Ukoo ukishaingia pale kumtetea, watu wataacha kuuliza Salimu aliandika nini, wataanza kuuliza sisi ni watu wa namna gani. Na wengine wote tusiguse pale.

Mjomba Rashidi: Marahaba. Nitafuta nikijua pa kubonyeza.

Salimu: Dada Zuhura, mimi naona inakuzwa. Tulikuwa shule, kila mtu anamtania mwenzake. Na mwenyewe alicheka! Angalieni pale chini, kaweka vikatuni vitatu vya kucheka.

Zuhura: Nimeangalia. Umeiweka usiku, watu wakamiminika kucheka usiku uleule. Yeye kacheka kesho yake mchana, wa mwisho kabisa, komenti karibu sitini zimeshapita. Angefanya nini kingine? Akikasirika ataambiwa hajui utani, akinyamaza ataambiwa kanuna. Halafu nimeshuka chini kwenye ukurasa wako. Kabla ya siku hiyo alikuwa anakuandikia kila mara. Baada ya hapo sijaona hata neno lake moja.

Salimu: Hilo sikuliona.

Kassimu: Na umechagua jina, Salimu. Mimi kigugumizi changu mnakijua, kimepungua tu. Neno likinigomea naweza kulikwepa nikatafuta jingine. Jina langu silikwepi, halina mbadala. Siku ya kwanza mahali papya, watu wanazunguka meza kila mtu anajitaja, mimi nilikuwa nahesabu wamebaki wangapi kabla hawajanifikia. Wewe ukachukua hapohapo ndipo ukapafanya kichekesho.

Mama Mdogo Asha: Pole mwanangu. Mie shuleni waliniita Pipa, na mpaka leo kuna mtu akiniona anaita hivyohivyo. Na nacheka.

Mjomba Rashidi: Asha, mimi nilidhani unalipenda.

Mama Mdogo Asha: Tutaongea Rashidi.

Baraka: Turudi kwenye moto. Ushauri wangu: futa posti haraka, kaa kimya, wiki ijayo watakuwa na mtu mwingine. Yule mchekeshaji Kevin Hart mbona alikataa kuomba radhi na bado anajaza kumbi?

Zuhura: Hadithi hiyo unaikumbuka nusu. Desemba 2018 alitangazwa kuwa mshereheshaji wa Tuzo za Oscar, zikaibuka tweet zake za miaka ya nyuma za kuwadhihaki mashoga. Akasema hataomba radhi, suala hilo alishalizungumza zamani. Usiku uleule akajitoa, na kwenye tangazo la kujitoa ndimo akaomba radhi. Yaani radhi aliishia kuiomba, ila ilikuja baada ya kukataa, kwa hiyo watu wengi wakakumbuka kule kukataa.

Baraka: Sawa, lakini kuomba mapema nako hakuokoi. Yule mchezaji wa kriketi wa Uingereza, Ollie Robinson, Juni 2021 anacheza mechi yake ya kwanza ya taifa, tweet zake za ujana zikaibuka siku hiyohiyo. Akaomba radhi jioni ileile. Bado wakamsimamisha.

Zuhura: Hapo uko sahihi kabisa. Radhi haimaanishi timu itakuachia ukocha. Salimu, hilo uliingize kichwani kabla hujaandika herufi moja, maana mtu akiandika ili kuokoa kazi, msomaji anaisikia.

Salimu: Nimeshaandika tayari. Someni kabla sijaweka: "Naomba radhi kwa yeyote aliyekwazika na utani wangu wa zamani. Nilikuwa kijana na nyakati zile zilikuwa tofauti. Wanaonifahamu wanaujua moyo wangu."

Shangazi Mwanaidi: Maashallah, maneno mazuri.

Zuhura: Shangazi, samahani, nitayachambua. Mtu ambaye hakuona posti akisoma hapa atajua Salimu alifanya nini? Hajui. "Yeyote aliyekwazika" ni nani, wakati jina la mtu lilitagiwa? "Nyakati tofauti" nayo ni uongo, kigugumizi kilikuwa kinauma mwaka 2014 kama kinavyouma leo. Na sentensi ya mwisho inawaita rafiki zako waje kukusifu, na watakuja, na yeye atawasoma.

Salimu: Sasa niseme nini, nijichape viboko hadharani?

Kassimu: Hapana, hilo ndilo baya zaidi. Mimi nimeshawahi kuombwa radhi na mtu wa shule, baada ya miaka. Aliniandikia ujumbe mrefu mno, alivyokosa usingizi, alivyolia, anavyojichukia. Nikajikuta mimi ndiye namwandikia "usijali kaka, yamepita". Hayakuwa yamepita. Nilimbembeleza tu ili anyamaze.

Zuhura: Anza na mwenzako, faragha, kabla ya kuandika hadharani. Iwe fupi.

Mjomba Rashidi: Ampigie simu. Neno la mdomo lina uzito kuliko maandishi.

Kassimu: Mjomba, simu ndiyo mtihani mkubwa kuliko yote kwa wengi wetu. Mtu hakuoni, anasikia kimya, anadhani mtandao umekata. Ukimpigia ghafla umemlazimisha ajibu kwa sauti, papo hapo, mbele ya aliyemcheka.

Mjomba Rashidi: Hilo sikulijua. Basi aandike.

Zuhura: Aandike, na asiombe jibu. Salimu, jaribu hapa tuone.

Salimu: "Mwaka 2014 niliweka posti nikakucheka kwa kigugumizi chako, nikakutagi ili darasa zima lione. Ilikuwa kukudhalilisha, na ulipocheka nikachukulia kuwa umeniruhusu. Leo kuna mtu kaiibua, na jina lako lipo. Nimeiondoa isionekane. Leo jioni nitaandika hadharani bila kukutaja. Kama kuna jambo hutaki niliseme, niambie, nitalifuata. Huna haja ya kunijibu."

Kassimu: Hiyo ningeisoma hadi mwisho.

Zuhura: Nami. Ila umeandika "nimeiondoa" na bado ipo. Piga kwanza skrinishoti yako, posti nzima na komenti zote na tarehe, maana ile inayozunguka inaweza kukatwa au kuongezwa neno. Halafu badilisha anayeiona, uwe wewe peke yako. Usiihariri kuilainisha, Facebook inaonyesha historia ya mabadiliko, na hapo utaonekana mjanja.

Baraka: Kwa nini asifute moja kwa moja?

Zuhura: Kuna wanaosema iachwe kama ilivyo ili asionekane anaficha. Mimi siwezi kukubali ibaki wazi, kwa sababu tangu asubuhi watu wapya wanaingia kumcheka kijana yuleyule. Kufuta kabisa au kuibakiza, kwangu mwenye jina ndiye angeamua. Kwenye dawati la malalamiko kazini tumebishana hili mara nyingi na hatujakubaliana.

Salimu: Nimeificha. Ujumbe nimetuma. Kuna komenti nyingine pale imenishinda. Mzazi kaandika: "Mwanangu ana kigugumizi na yumo kwenye timu yako. Nimpeleke Jumamosi au nisimpeleke?"

Mama Mdogo Asha: Ya Rabi.

Zuhura: Huyo ndiye wa kujibiwa kuliko wote, maana hajauliza kuhusu moyo wako. Kauliza Jumamosi itakuwaje.

Baraka: Amwambie tu amebadilika.

Kassimu: Nani atampima? Amwambie atakachofanya. Mtoto akikwama, kocha anangoja, anamwangalia kawaida, hammalizii sentensi, hamwambii "tulia, vuta pumzi". Hiyo ya pumzi inatuchosha sana. Watoto wenzake wakicheka, mazoezi yanasimama. Na siku ya kujitambulisha asilazimishe duara la kila mtu ajitaje. Halafu uamuzi amwachie mzazi.

Salimu: Na akisema hamleti?

Kassimu: Basi hamleti.

Salimu: Nimeandika ya hadharani. "Mwaka 2014 nilimcheka mwanafunzi mwenzangu hapa kwa namna anavyozungumza, nikawaalika wengine wacheke. Nilimdhalilisha. Nimemwandikia mwenyewe, na naomba msimtafute wala kumtaja. Viongozi wa timu nimewatumia posti yenyewe leo waamue wanavyoona. Wazazi wenye maswali, nawajibu hapa."

Zuhura: Viongozi umewatumia kweli?

Salimu: Nimewatumia sasa hivi. Wamesema watakutana kesho.

Mama Mdogo Asha: Mimi ningependa neno "nisamehewe" liwemo.

Zuhura: Hapana Mama Mdogo. Umati ukianza kumwandikia "umesamehewa kaka", watakuwa wanatoa kitu kisicho chao.

Mama Mdogo Asha: Sijakubali, lakini sawa.

Mjomba Rashidi: Komenti nimefuta. Nadhani. Imeandika "umeripoti".

Baraka: Mjomba umejiripoti 😂 Subiri nakuja kwako.

Salimu: Mwenzangu kaona ujumbe. Kajibu "Nimeona." Basi.

Shangazi Mwanaidi: Mwandikie tena, umuulize kama amekusamehe.

Kassimu: Asimwandikie, Shangazi. Tafadhali.

Zuhura: Sasa Salimu, aliyepata moja atatafuta ya pili. Zitafute wewe kwanza. Facebook ingia kwenye rekodi ya shughuli zako, chuja kwa mwaka. Ukikuta nyingine inayomtaja mtu, ni yaleyale, mtu kwanza.

Baraka: Na ile akaunti yake ya zamani ya Twitter namsaidia mimi. Unaandika hivi kwenye sehemu ya kutafuta:

```
from:jina_la_akaunti since:2011-01-01 until:2016-01-01
```

Baraka: Weka jina la akaunti bila alama ya @. Naanza na 2012.

Baraka: Eh.

Salimu: Nini?

Baraka: Kuna moja inamhusu Shangazi.

Shangazi Mwanaidi: Inasemaje?