SSD ikikaribia kujaa gemu zinachelewa kufunguka: nifute, nitenge nafasi, au niongeze diski?

mshale_mwekundu

Wakuu, naomba mnisaidie kuamua. Nina SSD ya NVMe ya GB 512, zile za seli za QLC. Windows inanionyesha GB 476 na zilizobaki wazi ni 9. Kuna gemu ilikuwa ikiniingiza ndani kwa sekunde 20 hivi. Jana nimepima mara tatu nikapata 49, 52 na 47, na sijabadilisha kitu kingine. Njia ninazoziona ni tatu: kufuta gemu moja kubwa, kupunguza patisheni niache GB 40 bila kugawiwa, au kuongeza SSD ya pili na kuhamishia gemu huko. Ipi kati ya hizo?

zuri_k

Futa. Diski ikijaa inasoma polepole kwa sababu lazima itafute faili katikati ya mambo mengi. Ukishafuta, fanya difragi ili faili za gemu zikae pamoja.

fundi_wa_usiku

Zuri, kwenye kufuta tuko pamoja, lakini sababu siyo hiyo, na difragi naomba asifanye.

SSD haitafuti kitu. Ina jedwali linaloiambia kila data iko wapi. Chukua diski iliyojaa, iache itulie, kisha uisome tu bila kuandika chochote: kasi itakuwa karibu ileile ya zamani. Kinachoumia diski ikijaa ni kuandika. Sasa mshale atauliza, kupakia gemu si kusoma? Ndiyo, ila muda huohuo gemu inaandika kache ya sheda na hifadhi ya moja kwa moja, Windows inaandika faili la kumbukumbu ya ziada kama RAM imebana, na programu ya kupakua gemu huenda inafungua sasisho nyuma ya pazia.

Kwenye SSD huwezi kuandika juu ya data ya zamani. Ukurasa unaandikwa mara moja, na kuufuta lazima ufute bloku nzima yenye mamia au maelfu ya kurasa. Ikiwa bloku zilizo tupu zimekwisha, kidhibiti kinachukua bloku yenye mchanganyiko, kinahamisha kurasa zinazotumika, kinaifuta, ndipo kinaandika kile ulichoomba. Kusoma ukurasa kunachukua sehemu ndogo ya milisekunde, kufuta bloku kunachukua milisekunde kadhaa. Ombi la gemu likiangukia chipu iliyo katikati ya kazi hiyo, linasubiri. Diski bora zinaweza kusitisha ufutaji kidogo ili zisome kwanza, nyingi za kawaida zinajikokota.

QLC inazidisha tatizo. Diski hizo hupokea data kwa haraka kwa kuazima seli tupu na kuandika biti moja katika kila seli badala ya nne. Kwa hiyo GB 9 zilizobaki kwako zinatoa eneo la haraka lisilozidi GB 2 na kidogo, ukiacha kipande kidogo ambacho baadhi ya diski hutengewa tangu kiwandani. Sasisho moja la gemu linalimaliza.

nahodha9

Mbona mimi nimefuta nusu ya SSD yangu na bado ni nzito? Ni ya SATA, nimeiweka kwenye boksi la USB, gemu zangu zote ziko humo. Kwa hiyo suala la nafasi si kweli.

bi_saumu

Kaka nahodha, kesi yako ni tofauti na ya mshale, ingawa inatufundisha kitu. Ukifuta faili, Windows inafuta jina lake kwenye orodha yake tu. Diski yenyewe haijui. Ni kama mpangaji aliyehama bila kumwambia mwenye nyumba: chumba ni kitupu, lakini mwenye nyumba hawezi kukipangisha. TRIM ndiyo taarifa ya kuhama. Bila hiyo kidhibiti kinaendelea kubeba faili zako zilizokwisha kufutwa kutoka bloku hadi bloku.

Maboksi mengi ya USB ya zamani hayapitishi TRIM. Kwenye Linux utajua hivi:

```
lsblk --discard
```

Ukiona `0B` chini ya DISC-GRAN na DISC-MAX, taarifa haifiki kwenye diski. Kwenye Windows jaribu amri ya `Optimize-Volume` atakayotoa fundi hapo chini, ukiweka herufi ya diski yako badala ya C. Ikikataa kwa kusema maunzi hayaiwezi, tatizo ni boksi. Toa diski, ichomeke moja kwa moja kwenye kompyuta, endesha TRIM, kisha uirudishe.

fundi_wa_usiku

Asante dada, umenipunguzia kazi. Mshale, fungua PowerShell kama msimamizi:

```
fsutil behavior query DisableDeleteNotify
Optimize-Volume -DriveLetter C -ReTrim -Verbose
```

Ya kwanza ikitoa 0 mbele ya NTFS, TRIM imewashwa. Hiyo inaonyesha tu kwamba Windows inatuma, haithibitishi kwamba diski inapokea. Ya pili inatuma upya taarifa ya nafasi yote iliyo wazi. Kabla ya kufuta chochote, fungua `resmon`, kichupo cha diski, upakie gemu huku unaangalia safu ya kuandika na ya muda wa kujibu. Ukiona kuandika kunaendelea na muda wa kujibu unapanda hadi makumi ya milisekunde, umempata mhusika.

Kuhusu njia ya pili: nafasi isiyogawiwa inasaidia sawasawa na nafasi iliyo wazi iliyopitiwa na TRIM, si zaidi. Faida yake pekee ni kwamba huwezi kuijaza kwa bahati mbaya. Na ukipunguza patisheni ambayo eneo lake halijawahi kupitiwa na TRIM, hutapata kitu.

mshale_mwekundu

Nimerudi. `fsutil` imetoa 0. Kwenye `resmon` kulikuwa na sasisho la gemu nyingine likifunguliwa, na muda wa kujibu ulifika 80. Nilisimamisha sasisho nikapata sekunde 38. Nikafuta gemu ya GB 92, nikaendesha ReTrim, nikaiacha kompyuta imewaka bila kazi kwa saa moja. Sasa ni 27. Zile saba zilizobaki zinatoka wapi?

zuri_k

Mimi bado nasema faili zimekatika vipande. Ulikuwa unapokea masasisho ukiwa na GB 9 tu, Windows ilikuwa inajaza kila upenyo.

fundi_wa_usiku

Hapo Zuri ana hoja, nakubali. Faili lililokatika vipande elfu kadhaa linazaa maombi mengi madogo badala ya machache makubwa, hata kwenye SSD. Ila dawa si difragi ya diski nzima, itakulia uhai wa seli za QLC bila sababu. Hamisha folda ya gemu hiyo moja kwenda diski nyingine, endesha ReTrim, kisha irudishe.

mshale_mwekundu

Nimefanya. Sekunde 21.

bi_saumu

Tusiseme ni vipande tu. Ulipoirudisha, data yote imeandikwa upya kwenye seli. Data iliyokaa muda mrefu kwenye QLC chaji yake huhama, na kidhibiti hulazimika kusoma tena na tena kabla ya kuipata sawa. Kwa kipimo chako hatuwezi kutenganisha mawili hayo.

fundi_wa_usiku

Kweli, hatuwezi. Kuhusu uamuzi: SSD ya pili subiri kwanza. Ukiweza kubakiza GB 80 hadi 100 wazi bila kujinyima gemu unazocheza, hii inatosha. Ukijikuta unashuka chini ya 40 kila mwezi, hapo ongeza, na chagua ya TLC.

nahodha9

Nimechomeka ndani, TRIM imepita. Narudi na vipimo kesho jioni.