Mtoto anasema karantini ni jela. Nifanyeje?

MamaMvita: Wazazi wenzangu, nisaidieni. Mwanangu wa miaka 9 ana tetekuwanga. Nilipomwambia atakaa karantini chumbani, alilia akaniuliza, "Mama, nimekosa nini?" Kumbe vipele alivificha siku mbili, akivaa sweta shuleni na joto hili la Mombasa. Sijui neno hilo kalitoa wapi.

Bahari_Kuu: Mpake kalamini, mkate kucha. Wangu walipona hivyo wote watatu.

Mzee Kobe: Watoto wa siku hizi wamedekezwa. Sisi tulifungiwa na mbuzi.

NesiMstaafu: Neno halianguki kutoka mbinguni, mama. Nani alimtisha nalo?

MamaMvita: Haya, ni mimi. Kaka yake alikamatwa na kafyu 2020, akawekwa karantini siku 14. Tangu hapo, huyu mdogo akichelewa kurudi kutoka uwanjani namwambia, "Utapelekwa karantini kama kakako." Ni maneno tu, kila mzazi hutisha.

Wakili_Mtaani: Basi mtoto hakukosea sana. Serikali yenyewe ilitangaza kwamba wavunja kafyu watawekwa karantini. Kakake alikuwa mgonjwa?

MamaMvita: Hakuwa na hata kikohozi.

NesiMstaafu: Mwambie ulikosea wewe. Kisha mpe mwisho anaoweza kuuona: kila asubuhi mtazame vipele pamoja. Vyote vikifanya magamba makavu na visitokee vipya, anatoka. Mara nyingi ni siku tano hadi saba tangu vipele vya kwanza. Asipewe aspirini. Na shule waambie, maana huambukiza hata siku moja au mbili kabla ya vipele.

MamaMvita: Ahsante. Ila kesho nampeleka kwa mdogo wangu Kilifi akatulie. Nauli nishalipa.

NesiMstaafu: Kuna nani huko?

MamaMvita: Yeye na mumewe. Ana mimba ya miezi minne, lakini nyumba ni kubwa.

NesiMstaafu: Usimpeleke! Ugonjwa huu husafiri kwa hewa. Mdogo wako aliwahi kuugua tetekuwanga? Kama hajui, kliniki watampima damu.

Bahari_Kuu: Mimi nilikuwa na mimba nikamuuguza wangu, sikupata kitu.

NesiMstaafu: Huenda uliugua utotoni.

Chachandu: Kafyu, sweta, mimba... Hii ni hadithi fupi. Mwandishi anatafuta maoni kabla ya kuipeleka gazetini.

Mzee Kobe: Nami nilishuku. Hata mbuzi wangu hawakuamini.

MamaMvita: Chachandu, nusu saa iliyopita amepitisha karatasi chini ya mlango: "Mama, sikuchelewa siku hiyo. Muulize kocha." Hayo ningeyatunga?

Chachandu: Mwandishi mzuri angeyatunga hasa.

NesiMstaafu: Iwe hadithi au la, mdogo wako kasemaje?

MamaMvita: Nimempigia mara mbili, hashiki. Niko sakafuni hapa mlangoni, tunahesabu vipele. Anasema kwapani vimetoka viwili vipya.