Mjadala: Ripoti ya ndege wa msitu wa Arabuko-Sokoke iandike tuliowaona au makadirio?

mpita_mrihi: Tumetembea asubuhi 20 upande wa miti ya mirihi, tumepata aina 84 za ndege. Zilizoonekana asubuhi moja tu ni 24, za asubuhi mbili ni 6. Chao2, hesabu ya kukadiria aina zote pamoja na ambazo hatujaziona, inatoa kama 130. Wenzangu wanataka 130 ndo isomwe kwenye kikao cha wananchi. Niwaache?

sauti_ya_sholwe: Usiwaache bado. Hizo 24 ndo zinabeba hesabu nzima, 24 mara 24 gawa kwa mara mbili ya 6 unapata 48, ukipunguza kidogo kwa sababu ya asubuhi 20 zinabaki kama 46 za kuongezea. Sasa ndege kama sholwe wanakaa ndani ya majani huwaoni, mtu anasikia sauti anaandika jina. Tuseme 6 kati ya hizo 24 ni majina ya kukosea, kumbe ni ndege walewale wa kila siku. Unabaki na aina 78, za mara moja 18, na makadirio yanaporomoka mpaka 104 hivi. Majina sita tu yamekuondolea aina 26!

takwimu_tu: Ndo maana mi natumia jackknife, njia nyingine ya kukadiria, hapo inatoa 107 tu, haiyumbi hivyo. Na grafu ya jumla ya aina kadiri asubuhi zinavyoongezeka ikishalala kazi imeisha, makadirio ya nini?

sauti_ya_sholwe: Kwa kutoyumba uko sawa, ila aina adimu zikiwa nyingi nayo inabaki chini sana. Grafu kulala hapana, chukua 24 gawa kwa 20, asubuhi ya mwisho bado inaleta wastani wa aina mpya moja na kidogo. Kama inaonekana imelala, labda imechorwa kwa mpangilio wa siku mlizotembea bila kuzichanganya.

shamba_malindi: Kwera wananimalizia mtama jamani, hii hesabu itaniambia wako wangapi?

takwimu_tu: Hapana dada, hii inahesabu aina, si vichwa. Kundi lako zima la kwera ni aina moja.

mlinzi_wa_usiku: Mi naona mnagombania namba na kuna ndege hamkumpa hata nafasi. Yule bundi mdogo wa Sokoke anakaa kwenye miti ya sainometra, kule kwenye udongo mwekundu, na analia usiku. Nyie mmetembea asubuhi kwenye mirihi, hata mrudie mara 100 haingii. Chao2 ni sakafu, yaani makadirio ya chini, na ni sakafu ya mahali na saa mlizotembea tu. Kwa hiyo msiandike "msitu una aina 130", huo si msitu wote.

mpita_mrihi: Rekodi tunazo, zile 24 tutazisikiliza upya moja moja. Ila mwenzangu bado anasema tukisoma 84 peke yake watu wataona msitu hauna kitu.

sauti_ya_sholwe: Someni zote mbili, na mseme ni aina ngapi mlizozisikia mara moja tu bila kuziona.

mlinzi_wa_usiku: Mi nasema 84 tu. Kikaoni namba kubwa ndo itakayobaki vichwani, hayo maelezo mengine nani atayakumbuka?